Tufe la alumini la milimita 30 linakula wati 1.75, hesabu yangu inasema 0.29. Nimekosea wapi?

FundiIsevya:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, natengeneza kidude cha kuhisi mwendo mdogo wa hewa ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Tufe dogo lina rezista ndani, nalilisha umeme mpaka likae kwenye joto lile lile muda wote. Hewa ikitembea, tufe linapoa haraka na umeme unaohitajika unapanda. Sasa ili nijue hewa imetembea, lazima kwanza nijue tufe linapoteza joto kiasi gani hewa ikiwa imetulia kabisa. Hapo ndipo nimekwama.

Tufe amenichongea fundi wa kerezo, alumini tupu, kipenyo milimita 30. Nimelisugua na msasa laini, nikamalizia na kitambaa chenye dawa ya meno mpaka naona sura yangu. Ndani kuna tundu lenye rezista ya omu 47 na waya wa kipimajoto. Limening'inia kwa waya zake mbili za umeme ndani ya boksi la kadibodi lenye upana wa sentimita 50 kila upande.

Tufe likiwa nyuzi 81 na hewa nyuzi 27, mita zinasoma volti 9.07 na ampea 0.193, yaani wati 1.75. Kwenye daftari langu la chuo imeandikwa tufe dogo kwenye hewa tulivu lina Nu = 2, yaani namba ya Nusselt, inayosema hewa inabeba joto kwa nguvu kiasi gani. Nikapiga hesabu nikapata wati 0.29. Tofauti ni mara sita! Rezista nimepima, ni 47 kweli. Mita nimeazima nyingine, inasema vilevile.

KichwaNgumu:
Nu = 2 ni ya tufe dogo. Lako ni kubwa hilo. Tumia fomula ya ukuta uliosimama, weka kipenyo mahali pa urefu, utakaribia. Halafu kumbuka Tabora iko juu, kama mita 1,200 hivi. Hewa ni nyepesi kwa asilimia 13, kwa hiyo jibu utakalopata ulipunguze kwa asilimia 13.

MamaVifaranga:
Samahani kuingilia, mimi nina kiangulio cha mayai 200, mayai ya pembeni yanachelewa kuanguliwa siku nzima. Yai nalo si kama tufe tu? Hiyo hesabu inaweza kuniambia kila yai linapata joto kiasi gani?

FundiIsevya:
@MamaVifaranga kiangulio chako kina feni?

MamaVifaranga:
Kinayo, inazunguka muda wote.

MwlFizikia:
@MamaVifaranga basi uzi huu hautakusaidia sana, dada. Feni ikizunguka, hewa inasukumwa, na fomula zake ni nyingine, zinataka kasi ya upepo. Hapa tunaongelea hewa inayojiendesha yenyewe kwa sababu tu imepashwa joto na tufe. Anza kwa kuangalia kama mayai ya pembeni yanapata upepo sawa na ya katikati.

@FundiIsevya, KichwaNgumu amegusa jambo moja la kweli: Nu = 2 si yako. Hiyo 2 ni joto linalopenya kwenye hewa iliyoganda kabisa kuzunguka tufe, hewa isiyosogea hata kidogo. Lakini hewa yako inasogea, ndiyo maana ukiweka kiganja juu ya tufe unahisi mvuke wa joto unapanda. Ukitaka kujua kama hewa imeganda au inasogea, usiangalie tufe kwa macho ukasema "dogo hili". Piga namba ya Rayleigh:

```
Ra = g β ΔT D³ / (ν α)
```

Hapa g ni mvutano wa dunia, β upanukaji wa hewa kwa joto, ΔT tofauti ya joto, D kipenyo, ν mnato wa hewa, na α kasi ya joto kusambaa hewani. D iko kwenye kipeo cha tatu, kwa hiyo ukubwa ndio unaotawala. Kwa tufe lako na hewa ya Tabora napata kama 67,000. Hata ungechonga tufe la milimita 1 tu, kwenye joto hilo hilo, Ra ingebaki 2.5 na Nu ingekuwa karibu 2.6, bado si 2. Sasa fikiria lako lenye milimita 30.

Fomula ya ukuta usiitumie. Ukuta hauna ile 2, wala hewa haizunguki kutoka chini hadi juu kama inavyolizunguka tufe. Tufe lina fomula zake. Mimi natumia ya Churchill ya 1983:

```
Nu = 2 + 0.589 Ra^(1/4) / [1 + (0.469/Pr)^(9/16)]^(4/9)
```

Pr ni ν gawanya kwa α. Kwa hewa ni kama 0.70, na ule mkia mrefu wote unageuka namba moja tu: Nu = 2 + 0.454 Ra^(1/4). Iko pia ya Yuge ya 1960, iliyopimwa kwenye hewa, Nu = 2 + 0.43 Ra^(1/4), kwa Ra ya kuanzia 1 hadi laki moja. Wewe uko ndani ya zote mbili.

FundiIsevya:
Asante mwalimu. Nimejaribu, nimepata Ra = 133,000 si 67,000. Nimechukua tabia za hewa kwenye nyuzi 27 za chumba. Nimezikosea?

MwlFizikia:
Umekosea sehemu mbili, na zote zinavuta upande mmoja.

Ya kwanza: hewa inayogusa tufe si ya nyuzi 27. Ngozi ya hewa iliyoshika tufe ni nyuzi 81 ndani na 27 nje, kwa hiyo mnato na uwezo wa kupitisha joto visome katikati, nyuzi 54. Hapo kwenye jedwali utapata ν karibu 18.6×10⁻⁶, α karibu 26.5×10⁻⁶, na k, yaani uwezo wa hewa kupitisha joto, 0.0283. β ni 1 gawanya kwa 327, maana hapo lazima uhesabu kwa kelvini. Ukiweka hizo, Ra inashuka hadi kama 89,000.

Ya pili ni ule mwinuko alioutaja KichwaNgumu. Majedwali karibu yote ni ya usawa wa bahari. Kwetu mgandamizo ni kama 0.87 ya huo. Hewa ikiwa nyepesi, ν na α zote mbili zinakua, kwa hiyo Ra inapungua kwa 0.87 mara 0.87. Toka 89,000 unafika 67,000.

Ila @KichwaNgumu, huwezi kukata asilimia 13 kwenye jibu la mwisho. Ra imepungua kwa robo, lakini inaingia kwenye fomula ikiwa imetolewa kipeuo cha pili mara mbili, na ile 2 ya mbele haiguswi kabisa na mwinuko, kwa sababu k ya hewa haibadiliki na mgandamizo. Mwisho wa siku tofauti kati ya Tabora na Dar kwa tufe hili ni kama asilimia 5.

KichwaNgumu:
Sawa, nimekuelewa kwenye mwinuko. Kwenye ukuta bado sijakubali, mtu ukiacha ile 2 unakosea kiasi gani kwani?

MwlFizikia:
Hapa Ra^(1/4) ni 16.1, kwa hiyo Nu ni 2 + 7.3 = 9.3. Ukiitupa ile 2 umepoteza zaidi ya theluthi moja ya... ngoja, hapana, ni moja ya tano na kidogo, 2 kati ya 9.3. Na tufe likizidi kuwa dogo hasara inakua.

FundiIsevya:
Naendelea basi, h ni joto linalobebwa kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, A ni eneo la tufe, mniangalie:

```
h = 9.31 × 0.0283 / 0.03 = 8.78 W/m²K
A = π × 0.03² = 0.002827 m²
Q = 8.78 × 0.002827 × 54 = 1.34 W
```

Kwa Yuge napata 1.28. Afadhali, toka 0.29 tumefika 1.34. Lakini mita inasema 1.75. Wati 0.4 zimeenda wapi?

Mzee_wa_Reli:
Vijana, mimi nilikuwa karakana ya treni hapa Tabora, sijui hizo Nu zenu. Ila nauliza: ulisubiri muda gani kabla ya kusoma mita? Maana kitu cha chuma kinameza joto kwanza.

FundiIsevya:
Shikamoo mzee. Nilisubiri kama dakika 90.

Mzee_wa_Reli:
Marahaba. Hapo sawa.

MwlFizikia:
Swali zuri la mzee. Tufe lina gramu 38 hivi, na kwa kasi linayopoteza joto, linahitaji kama dakika 18 kumaliza theluthi mbili ya safari yake. Angesoma baada ya robo saa angepata upuuzi. Dakika 90 zinatosha.

Wati 0.4 zako zina milango miwili ya kutokea, na hakuna hata mmoja ulio ndani ya Nu. Fomula inahesabu joto linalobebwa na hewa peke yake. Mita yako inahesabu kila kitu. Mlango wa kwanza ni mnunurisho, joto linaloruka toka kwenye tufe kwenda kwenye kuta za boksi bila kuhitaji hewa. Wa pili ni zile waya ulizoning'inizia. Ni za unene gani?

FundiIsevya:
Ni waya za simu za zamani, nyuzi moja moja ya shaba, milimita 0.6.

MwlFizikia:
Zibane kwa vidole, sentimita mbili hivi toka kwenye tufe, uniambie.

FundiIsevya:
Aisee. Ya moto. Sentimita 10 juu imepoa.

KichwaNgumu:
Waya nyembamba hivyo unapitisha nini? Milimita 0.6 ukilinganisha na tufe zima? Mimi nasema ni mnunurisho huo. Nyuzi 81 ni nyingi.

MwlFizikia:
Tusibishane, tupime. @FundiIsevya una kibatari nyumbani?

FundiIsevya:
Ninacho.

MwlFizikia:
Lipitishe tufe kwenye moshi wa kibatari mpaka liwe jeusi tititi kila upande, usiguse kwa kidole. Kisha rudisha kwenye boksi lile lile, nyuzi 81 zile zile, usubiri dakika 90 zile zile. Hewa haijali rangi, waya hazijali rangi. Kitakachobadilika ni mnunurisho tu.

FundiIsevya:
(siku ya pili)
Nimefanya. Mke wangu amelalamikia masizi kwenye shuka, lakini namba ninazo. Likiwa jeusi: volti 11.47, ampea 0.244, wati 2.80. Limepanda wati 1.05 kwa masizi tu! Sikutegemea.

MwlFizikia:
Safi sana. Uso mweusi kabisa wa tufe lako, nyuzi 81 ukiangalia kuta za nyuzi 27, ungetoa wati 1.22 (ni 5.67×10⁻⁸ mara tofauti ya kelvini zilizopandishwa kwa kipeo cha nne, mara eneo). Masizi yanatoa kama 0.95 ya hiyo, yaani 1.16. Mita imesema limepanda 1.05. Kwa hiyo lilipokuwa linang'aa lilikuwa linatoa 0.11 tu, kama asilimia 9 ya uso mweusi. Kwa alumini iliyosuguliwa kwa dawa ya meno naona ni haki yake.

@KichwaNgumu umeona? Kwenye tufe linalong'aa mnunurisho ni 0.11, hauwezi kueleza 0.4. Ila ungekuwa sahihi kabisa kama tufe lingepakwa rangi. Hapo mnunurisho unakaribia kulingana na hewa yenyewe, na mtu anayehesabu Nu peke yake anakosea karibu nusu. Na rangi nyeupe isikudanganye, rangi nyingi za kawaida, hata nyeupe, kwenye joto hili zinatoa karibu kama nyeusi.

Sasa: 1.34 ya hewa, 0.11 ya mnunurisho, jumla 1.45. Imebaki 0.30. Hiyo ni waya. Waya inafanya kazi kama pezi: inachota joto kwenye tufe na kulimwaga hewani njiani. Shaba inapitisha joto mara elfu kumi na kitu kuliko hewa, na waya nyembamba inapoa vizuri kuliko kitu kinene. Nimekadiria 0.15 kwa kila waya ya 0.6, zipo mbili.

KichwaNgumu:
Umekadiria au umepiga hesabu mpaka ikafika 0.30? 😀

MwlFizikia:
Una haki ya kuuliza. h ya waya nimeichukua 35, mwingine angechukua 30 au 45, na ganda la plastiki nalo lina maneno yake. Ndiyo maana nataka azibadilishe badala ya kuniamini. Ukali wa hasara unafuata unene wa waya kwa kipeo cha moja na nusu, pungufu kidogo kwa sababu h ya waya nyembamba ni kubwa zaidi. Aweke waya ya milimita 0.2, ile ya kusukia mota. Ikiwa nimesema kweli, 0.30 itashuka hadi kama 0.07. Rezista ni ya omu 47, mkondo ni mdogo, kwa hiyo waya nyembamba haitapoteza umeme wa maana, lakini soma volti karibu na tufe, si kwenye adapta.

KijanaWaUjiji:
Wakuu nipo Kigoma, nimefuata uzi toka mwanzo. Nataka kufanya kama hivi lakini ndani ya maji ya ziwa, kujua kama kuna mkondo karibu na vizimba vya samaki. Maji ni nyuzi 26 hivi. Nichukue tufe lilelile na namba ile ile ya 0.454?

MwlFizikia:
Hapana, 0.454 ni ya hewa. Kwenye maji Pr ni kama 5, na ule mkia wa Churchill unakupa 0.53. Iko pia ya Amato na Tien ya 1972, waliopima tufe ndani ya maji, 2 + 0.50 Ra^(1/4), kwa Ra ya laki tatu hadi milioni 800. Kwa tufe la milimita 30 likiwa nyuzi 40 tu, Ra ni kama milioni 11, uko ndani. Moja inasema wati 25, nyingine karibu 27.

Yaani kwa nyuzi 14 tu za tofauti, unahitaji mara kumi na zaidi ya anachotumia Fundi kwa nyuzi 54. Rezista ndogo haitafika. Na ukiinua tufe hilo nje ya maji likiwa bado linalishwa wati 25, litaunguza rezista, maana hewa haiwezi kubeba mzigo huo. Raha yako ni moja: mnunurisho usahau, maji hayaupitishi, na waya zinapotea kwenye wati 25.

KijanaWaUjiji:
Wati 25 kwa betri ya sola usiku kucha... nitapunguza tufe liwe milimita 10.

FundiIsevya:
Nimerudi. Nimelisafisha masizi, nimelisugua tena, nimefunga waya za 0.2 nilizozitoa kwenye mota ya feni mbovu. Kwa sababu waya ni laini, tufe linaning'inia kwa uzi wa kuvulia samaki. Nyuzi 81 na 27, dakika 90. Volti 8.62, ampea 0.183. Wati 1.58.

MwlFizikia:
Toka 1.75 hadi 1.58. Waya zimeshuka kama nilivyosema kwa sehemu kubwa. Nilitegemea 1.34 + 0.11 + 0.07 = 1.52.

KichwaNgumu:
Imezidi 0.06. Na ukitumia Yuge wako imezidi 0.12. Nani ana haki?

MwlFizikia:
Hapo mimi nasimama. Fomula hizi ni mistari iliyopitishwa katikati ya vipimo vilivyotawanyika, asilimia kadhaa huku na huku ni kawaida. Churchill na Yuge wenyewe hapa wanatofautiana asilimia 4. Ukisema kipimo cha Fundi kimemthibitisha mmoja, unadanganya.

Kuna kitu kimoja ningekiangalia. @FundiIsevya kipimajoto cha hewa umekiweka wapi ndani ya boksi?

FundiIsevya:
Kinaning'inia juu ya tufe, sentimita kama 15.

MwlFizikia:
Kitoe hapo. Kiko kwenye moshi wa joto wa tufe lenyewe. Unasoma 27 wakati hewa inayolilisha tufe toka chini na pembeni pengine ni 26 au 25 na nusu. Kiweke usawa wa tufe, pembeni, mbali na ukuta wa boksi. Nyuzi moja na nusu ikiongezeka kwenye tofauti, hasara inakua karibu asilimia 3, na hiyo peke yake ni nusu ya hiyo 0.06 au zaidi.

Mzee_wa_Reli:
Na boksi limefungwa vizuri? Kadibodi ina mianya.

MwlFizikia:
Kweli mzee. Hewa inayopandishwa na tufe lenyewe inakwenda kwa kasi ya sentimita 20 kwa sekunde hivi, ukikadiria kwa juu. Upepo wa mlango ukikaribia hiyo, hauko tena kwenye hewa tulivu. Ndiyo kiwango pia ambacho kidude chako kitaanza kuhisi vizuri, Fundi. Chini ya hapo, upepo na joto la tufe vinagombana na utasoma kidogo sana.

FundiIsevya:
Kipimajoto nimekihamisha pembeni, kinasoma 26 kamili. Nimeziba mianya na gundi ya karatasi. Wati 1.57. Nimekubali.

Swali la mwisho: kwenye bani hewa ni nyuzi 55 wakati fulani, na mabomba ya moshi chini yanapita moto zaidi ya tufe langu. Nipake tufe rangi nyeusi lisishike kutu, au niliache linang'aa?

MwlFizikia:
Liache linang'aa, na ulisugue kila msimu. Jeusi litapokea mnunurisho wa mabomba, litasema hewa imetulia wakati ni bomba linalipasha. Hata likiwa linang'aa, asilimia 9 ya bomba lenye moto mkali bado ni kitu. Kinga ya bati jembamba kati ya tufe na mabomba ingesaidia, lakini kinga nayo inazuia hewa unayotaka kuipima. Hapo sina jibu la moja kwa moja.

KichwaNgumu:
Weka matufe mawili, jeusi na linalong'aa. Tofauti yao inakuambia mnunurisho.

MwlFizikia:
Hiyo sijaifikiria. Masizi ya bani yatalifanya la kung'aa liwe jeusi baada ya wiki ngapi, ndilo swali.

FundiIsevya:
Jumamosi naenda bani la mjomba huko Urambo, nitaacha yote mawili wiki nzima, nitarudi na namba.